Dirishani kwa afisa: kueleza shida yako kwa ufupi na kutoka na jibu linaloeleweka

Wengi wanaorudishwa mara tatu au nne kwenye ofisi za serikali hapa Tanga hawarudishwi kwa sababu shida yao ni kubwa. Wanarudishwa kwa sababu walitoka dirishani bila kujua hasa walitakiwa walete nini. Waliambiwa "lete kiapo," wakaitikia, wakaondoka. Kiapo cha nani, kinachosema nini, kilichogongwa muhuri na nani, hawakuuliza. Wakaenda kwa wakili, wakalipa, wakarudi, wakaambiwa kiapo chenyewe sicho.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu pale Ngamiani, kwa hiyo wanaopita kwangu ni wale waliokwisha kurudishwa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao. Nitatumia kisa kimoja tu, cha jina lisilolingana kati ya cheti cha kuzaliwa na taarifa za NIDA, maana ndicho kinachowasumbua wengi na ndani yake mna karibu kila kitu kinachoweza kutokea dirishani.

Tumwite mwenye shida Mwanaidi, mkazi wa Makorora. Anataka pasipoti ampeleke mama yake Umra. Cheti chake cha kuzaliwa kutoka RITA kinasomeka Mwanaidi Bakari Mhando. Taarifa zake za NIDA zinasomeka Mwanaidi Bakar Mhando. Herufi moja ya jina la baba imeanguka. Maombi ya pasipoti yanataka cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, na nyaraka hizo mbili lazima zimtaje mtu mmoja.

Kabla ya kutoka nyumbani: jua tatizo liko kwenye karatasi ipi

Weka nyaraka zako zote mezani na uzisome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe. Usisome kwa mazoea, kwa sababu jicho la mtu huliona jina lake hata pale lilipokosewa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Zilinganishe na cheti. Kama tarehe nayo inatofautiana, shida yako ni mbili, na ni heri ulijue hilo ukiwa nyumbani kuliko kulisikia kwa afisa watu wamejipanga nyuma yako.

Kisha amua ni karatasi ipi yenye kosa. Mwanaidi ana cheti sahihi, cheti cha shule kinachofanana nacho, na kitambulisho cha baba yake kilichoandikwa Bakari. Basi kosa liko NIDA, na huko ndiko anakokwenda. Kungekuwa kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, safari yake ingekuwa ya RITA, ambao kwa ngazi ya wilaya kazi yao ya vizazi na vifo hufanyika kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Watu wengi hupoteza asubuhi nzima kwa kumlalamikia afisa wa ofisi moja kosa la ofisi nyingine. Afisa huyo hata akitaka kukusaidia hana pa kuanzia.

Chukua nyaraka halisi na vivuli vyake viwili, kalamu yako mwenyewe, na daftari dogo. Ofisi hufunguliwa saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ijumaa usiende karibu na saa sita: wengi, pande zote mbili za dirisha, wanawahi msikitini, na utakayemkuta atakuhudumia huku akitazama saa.

Nguo ya heshima ivae, lakini usidhani itakubebea hoja.

Salamu, na namna ya kumwita

Kwetu huku mtu hafiki mahali akamwaga shida bila salamu, na dirishani ni vivyo hivyo. Ila salamu ya dirishani iwe fupi. "Habari za kazi, dada" inatosha. Akiwa mtu mzima kukuzidi, "Shikamoo, mama," au "Shikamoo, mzee," subiri aitikie, kisha endelea. "Pole na kazi" ni neno zuri, hasa foleni ikiwa ndefu, kwa sababu naye amekaa hapo tangu asubuhi akisikia watu wakilalamika.

Ukiwa wewe ndiye mkubwa kwa umri, mpe nafasi akuamkie, lakini asipokuamkia usimkumbushe. Nimeona wazee wetu wakiharibu shughuli yao kwa hilo. Kijana amesahau shikamoo, mzee amekasirika, na kutoka hapo mazungumzo yote yamekuwa ya adabu badala ya jina. Vilevile "mwanangu" ni neno tamu likitoka kwa upole, lakini likitoka kwa kukaripia linamshusha afisa mbele ya wenzake, naye atajitetea kwa kukuonyesha kwamba hapo yeye ndiye mwenye muhuri. Akivaa sare, kama wa Uhamiaji, mwite "afande." "Bosi" na "mheshimiwa" zina harufu ya kubembeleza, ziache.

Kama umemsindikiza mama au baba yako, mwache mwenyewe aseme. Mtu mzima anayesemewa na mwanawe huku afisa akimtazama kijana tu, anakuwa kama mzigo ulioletwa ofisini. Simama kando yake, umkumbushe anaposahau, umshikie nyaraka.

Sentensi tatu

Aliye dirishani ana mambo machache anayoweza kufanya: kutafuta taarifa zako kwenye kompyuta, kukagua nyaraka, kukupa fomu, kupokea maombi, kukupangia siku, au kukupeleka kwa mwingine. Historia nzima ya namna ulivyoandikishwa, jinsi siku ile ilivyokuwa na joto na mwandishi alivyokuwa na haraka, haimsaidii kuchagua moja kati ya hayo. Mpe anachoweza kukifanyia kazi.

Sentensi ya kwanza iseme kosa lilipo. Ya pili iseme ushahidi ulionao. Ya tatu iombe jambo moja.

Mwanaidi aseme hivi:

"Dada, jina la baba yangu kwenye taarifa zangu za NIDA limeandikwa Bakar, limepungukiwa herufi i mwishoni. Hapa nina cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kivuli cha kitambulisho cha baba, vyote vimeandikwa Bakari. Naomba kujua utaratibu wa kulirekebisha na nyaraka ninazotakiwa kuleta."

Anaposema sentensi ya pili nyaraka ziwe zimeshafika mbele ya afisa, zimepangwa, cheti cha kuzaliwa kikiwa juu, na kidole kinaonyesha neno lenyewe. Asianze kupekua mkoba wakati huo.

Angalia asichokisema. Hakusema "mlinikosea jina." Huenda ni kweli walikosea, lakini aliyekosea pengine hakuwa huyu, na huyu akisikia "mlinikosea" ataanza kulinda ofisi. Akiulizwa kosa lilitokeaje, ajibu kwa ukweli: "Sijui lilitokeaje, nimeligundua nilipotaka kuomba pasipoti." Hakusema pia kwamba safari ya Umra ni mwezi ujao. Haraka yako itaje baadaye, ukishajua utaratibu, na uitaje kama taarifa yenye tarehe. Ikitangulia mbele ya shida yenyewe, afisa anasikia shinikizo kabla hajasikia ombi.

Jizoeze sentensi hizo nyumbani kwa sauti. Kama zinazidi nusu dakika, kuna kitu cha kupunguza.

Kuna shida zisizofaa kusemwa ukumbini. Mtu ambaye cheti chake hakina jina la baba, au anayebadilisha jina baada ya ndoa kuvunjika, hana sababu ya kuwatangazia watu wa foleni. Mwambie afisa: "Samahani, shauri langu lina mambo ya kifamilia. Naweza kulieleza pembeni, au nikuandikie?" Karatasi iliyokunjwa yenye sentensi zako tatu inafaa sana hapa. Sijaona afisa aliyeikataa.

Akisema "lete kiapo"

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi huitikia "haya" wakaondoka.

Afisa hakuficha kitu. Kwake yeye neno "kiapo" limekamilika, kwa sababu analisema siku nzima na anajua anachokimaanisha. Wewe ndiye uliyesikia nusu. Kwa hiyo usimuulize "kwa nini?" mapema, maana huonekana kama unapinga. Uliza "kipi," "cha nani," "kiseme nini," "kigongwe wapi."

Kwa upande wa majina kuna hati mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna kiapo, ambacho unaapa mbele ya Kamishna wa Viapo, mara nyingi wakili, kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Na kuna hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, nayo ni ya mtu anayeacha jina moja na kushika jingine. Gharama zake hazifanani na muda wake haufanani. Mwanaidi habadilishi jina. Anataka lisomeke lilivyo. Lakini asimfundishe afisa hilo. Amuulize:

"Nashukuru, dada. Nisaidie nielewe vizuri nisije nikaleta kisichofaa. Ni kiapo cha kawaida cha wakili kinachosema Bakar na Bakari ni mtu mmoja, au ni ile hati ya kubadili jina inayosajiliwa?"

Swali la namna hiyo afisa hulijibu kwa urahisi, kwa sababu anachagua tu. Tuseme anajibu: "Cha wakili tu."

"Niape mimi, au aape baba mwenyewe?"

Swali hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Jina lililokosewa ni la baba. Kuna shauri ambalo mwenye taarifa akiapa inatosha, na kuna ambalo mwenye jina anatakiwa. Baba anaishi Pangani. Kama ni yeye anayetakiwa, Mwanaidi anahitaji kujua leo. Afisa anafikiri kidogo, anamgeukia mwenzake, anasema: "Baba ndiye aape, wewe utambatanishia kitambulisho chake."

"Kitambulisho kivuli, au nije na halisi?"

"Njoo na kivuli na halisi, halisi tutaona na kukurudishia."

"Na barua ya mtaa inahitajika?"

"Ndiyo."

"Ya mwenyekiti wa mtaa inatosha, au mpaka ipite kwa mtendaji wa kata?"

"Ipite kata."

Maswali matano, dakika moja na nusu, na yamemwondolea safari mbili. Kila moja lilikuwa na majibu mawili ndani yake, afisa akachagua. Ukiuliza "sasa nifanye nini?" unampa kazi ya kutunga maelezo upya, na aliyechoka atakupa maelezo mafupi.

Nitoe angalizo. Majibu haya ni ya kisa hiki tu. Kosa la herufi, jina zima lililobadilika, na tarehe ya kuzaliwa havishughulikiwi sawasawa, na utaratibu wenyewe hubadilika. Usije ukaenda kwa wakili kwa sababu jirani yako alidaiwa kiapo mwaka jana. Yachukue maswali, majibu utapewa ofisini.

Rudia alichosema, kisha uandike mbele yake

Kabla hujaondoka, sema: "Naomba nirudie nisisahau. Kiapo cha wakili, aape baba; kitambulisho chake halisi na kivuli; barua ya mtaa iliyopita kata; na cheti changu halisi cha kuzaliwa. Kuna kilichobaki?"

Swali la mwisho lina thamani yake. Mara nyingi afisa ndipo anapokumbuka: "Ehe, na fomu ya marekebisho, chukua hapa." Fomu hiyo ungeikuta siku ya kurudi, ukaijaze ukiwa umeegemea ukuta.

Andika papo hapo. Ongeza tarehe, saa, namba ya dirisha, na jina la afisa kama liko kwenye kitambulisho alichovaa. Kama halionekani, uliza kwa adabu: "Nikirudi nimuulizie nani?" Hilo kila mtu hulijibu. "Jina lako nani?" likisemwa kwa sauti ya juu linasikika kama tishio, na jibu lake huwa ni mdomo uliofungwa.

Usirekodi kwa simu kwa siri. Ukigundulika, mazungumzo yamekwisha na hoja yako imekufa hata kama ilikuwa ya haki. Daftari lililo wazi juu ya kaunta halimkeri mtu, na afisa anayeona maneno yake yanaandikwa huyachagua kwa makini zaidi.

"Njoo kesho" zina sababu zake

Maneno haya mawili huwakasirisha watu kuliko yote, na hasira hiyo naielewa. Nauli ya daladala kutoka Pongwe kwenda na kurudi si kitu kidogo kwa mtu asiye na mshahara. Lakini "njoo kesho" hutokana na mambo mbalimbali, na kila moja lina swali lake. Ukijua lako ni lipi unaweza kuamua kama kesho ni siku ya kurudi kweli.

Mara nyingine mtandao haupo. Mfumo hausomi, na aliye dirishani hawezi kuona taarifa zako kabisa. Hapo kubishana ni bure. Muulize: "Kuna sehemu ya kazi inayoweza kufanyika bila mtandao? Unaweza kunikagulia nyaraka tu nijue kama zimekamilika?" Ukaguzi wa karatasi hauhitaji kompyuta. Ukikubaliwa, kesho utakuja kwa hatua moja badala ya mbili. Kisha uliza kama kuna namba ya simu ya ofisi ya kupiga asubuhi kabla ya kupanda gari.

Mara nyingine mwenye kusaini hayupo. Yuko semina, yuko wilayani, yuko likizo. Swali ni: "Anatarajiwa kurudi lini, na kuna anayekaimu?" Ofisi nyingi huwa na anayekaimu, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kukutajia. Kama kweli hayupo mpaka Alhamisi, basi "kesho" haikuwa jibu, na sasa una siku yenyewe.

Mara nyingine kuna karatasi imepungua lakini afisa hakuitaja kwa sababu foleni ni ndefu. Hili utalijua kwa macho: anarudisha nyaraka zako bila kuzisoma mpaka mwisho. Muulize moja kwa moja na kwa sauti ya chini: "Nikija kesho na hizi hizi nilizonazo, zitapokelewa?" Swali hilo fupi nalipenda kuliko yote niliyoandika humu. Haliwezi kujibiwa kwa "njoo kesho" nyingine. Ama zitapokelewa, ama atakuambia kilichopungua.

Na mara nyingine shauri lako lilishatumwa, liko Dar es Salaam au makao makuu, na huyu wa dirishani hana jipya la kukuambia. Hapo omba namba ya kumbukumbu ya maombi yako, siku yalipotumwa, na njia ya kufuatilia bila kuja. Kama hana namba ya kumbukumbu, uliza kwa utulivu kama maombi yalipokelewa kweli, kwa sababu maombi yasiyo na namba pengine bado yamo kwenye jalada mezani.

Mambo yakichafuka

Kuna siku utajibiwa vibaya. Afisa ataongea huku akitazama simu, au atakuambia "we mama husikii?" Jambo la kufanya ni kunyamaza kwa pumzi mbili, kisha kurudi kwenye sentensi yako ya tatu, kwa sauti ileile au ya chini zaidi: "Samahani, sijaelewa ni karatasi ipi iliyopungua. Naomba unionyeshe." Usijibu tusi, na usigeuke kuwatafuta watu wa foleni wawe mashahidi wako. Wakishaingia wao, afisa hawezi tena kulegea bila kuonekana ameshindwa, na aliyeshindwa mbele ya watu atakutafutia kosa kwenye fomu.

Ukiona hasira inapanda, omba kukaa: "Naomba nikae pale nizipange vizuri, nitarudi." Hakuna aibu ndani yake.

Akikataa kabisa kueleza, kuna mlango wa juu, na uuombe bila ukali: "Nashukuru kwa muda wako. Kwa kuwa shauri hili limekuwa gumu, naomba kumwona msimamizi wa ofisi anielekeze." Usiongeze "nitakushtaki." Ukifika kwa msimamizi anza na sentensi zako tatu zilezile, si na malalamiko juu ya mtu wa dirishani. Shida ikitatuliwa ndipo uamue kama tabia ile unataka kuisema, na mahali pake ni dawati la malalamiko, sanduku la maoni, au mfumo wa serikali wa e-Mrejesho.

Ofisi za umma huwa na mkataba wa huduma kwa mteja, hati inayotaja huduma zao na muda wa kila moja. Mara nyingi umebandikwa ukutani na hakuna anayeusoma. Usome ukiwa kwenye foleni. Kama umeandikwa huduma yako huchukua siku kadhaa na wewe umesubiri mara tatu yake, swali lako linapata uzito bila kupandisha sauti: "Pale ukutani nimesoma muda wa huduma hii. Wangu umepita, naomba kujua umekwama hatua gani."

Likishindikana la mdomo, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Barua iwe ya nusu ukurasa: wewe ni nani, ulikuja lini, uliambiwa nini, unaomba kujua nini. Tengeneza nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo siku 30 hazina mahali pa kuanzia.

Na ukidokezwa "ya chai" au "ya maji," usicheke, usikasirike, usitoe. Malipo halali ya serikali hulipwa kwa kontrol namba, benki au kwa simu, na yana risiti. Kwa hiyo jibu lako ni: "Kama kuna ada, naomba kontrol namba nikalipie." Limesemwa kwa adabu, halimtuhumu mtu, na anayedai halali atakupa namba. Anayedai haramu amekwisha kuelewa. Akiendelea, andika siku, saa na maneno yake, na upige 113, namba ya bure ya TAKUKURU.

Ieleweke pia upole hauwezi nini. Hauondoi nyaraka inayotakiwa kisheria, na haumpi mtu wa dirishani madaraka asiyokuwa nayo. Kama baba yake Mwanaidi angekuwa amefariki, adabu ya namna yoyote isingemfanya aape, swali lingekuwa ni cheti cha kifo na nani wa kuapa badala yake, na hilo nalo lingeulizwa vilevile, kwa "nani" na "kipi."

Siku ya kurudi

Mwanaidi amekwenda Pangani, baba ameapa mbele ya wakili, barua ya mtaa imepita kata. Amerudi asubuhi na mapema. Afisa wa siku ile hayupo. Yupo kijana mwingine. Mtu angefadhaika na kuanza hadithi upya. Yeye anafungua daftari:

"Habari za kazi, kaka. Nilikuja Jumanne wiki iliyopita, dirisha hili hili, kuhusu herufi iliyopungua kwenye jina la baba. Dada aliyekuwepo alinitajia vitu vinne, na vyote ninavyo hapa. Naomba uvikague na kupokea maombi yangu."

Anaviweka kwa mpangilio aliotajiwa. Kijana anasoma, anafika kwenye kiapo, anasema: "Mbona ameapa baba? Ungeapa wewe."

Hili hutokea kweli, maafisa wawili kutofautiana. Usiseme "nyie mnatuchanganya." Mwanaidi anamwonyesha daftari lenye tarehe na jina la yule dada: "Nilielekezwa hivi, nikamfuata baba Pangani. Unaweza kumuuliza mwenzako, au msimamizi, kama hiki kinatosha? Nitasubiri." Amempa njia ya kuuliza bila kukubali kosa. Kijana anaingia ndani, anarudi, anapokea.

Kabla hajaondoka kuna maswali matatu ya mwisho. La kwanza: "Naomba stakabadhi au namba ya kumbukumbu." La pili: "Nitajulishwa kwa ujumbe wa simu au nije mwenyewe, na kama ni kuja, baada ya siku ngapi?" Akijibiwa ujumbe wa simu, ahakikishe namba iliyo kwenye fomu ndiyo anayoitumia sasa, maana wengi husubiri ujumbe unaokwenda kwenye laini waliyoitupa. La tatu ni lile la pasipoti, na sasa ndipo mahali pake: "Nikishajulishwa, Uhamiaji wataona jina jipya moja kwa moja, au nisubiri kwanza?" Alijibiwa asubiri, na siku ya kuja kuuliza akaandikiwa kwenye stakabadhi.